Jirani Mwenye Makelele, na Siku Mahakama Inaposema Basi

Usiku wa Jumamosi katika mitaa ya Nyasho, mjini Musoma, upepo wa ziwa ukiisha kutulia na watoto wakiisha kulazwa, aghalabu huwapo nyumba ambayo wenyewe hawapati usingizi, si kwa sababu ya msiba wala ya harusi, bali kwa sababu ukuta wake wa nyuma umepakana na ua wa baa. Spika mbili ndefu zimeelekezwa kwenye meza za wateja, na nyuma ya wateja hao, hatua chache tu, liko dirisha la chumba cha kulala. Maneno ya wimbo hayasikiki sawasawa humo chumbani. Kisikikacho ni besi peke yake, mdundo juu ya mdundo, hata glasi zilizo kabatini zikagongana na bati la kibaraza likaitikia kwa mtetemo wake. Jiko la nyama choma nalo limewekwa kwenye kona ile ile, na kila mafuta yanapodondokea mkaa, moshi huinuka, hugeuka na kuingia dirishani.

Ukishika barabara ya Mwanza ukafika Bunda, adha hubadili sura ikabaki na tabia yake. Huko mwenye nyumba huamshwa na grinda ikikata chuma kabla jua halijatoka, na mchana hufunga madirisha kwa sababu ya harufu ya rangi inayopulizwa kwa kompresa kwenye milango ya geti. Butiama, ambako nyumba zimeachana na mashamba yako kati, lalamiko hili ni la nadra zaidi. Walakini mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli, iliyofungwa karibu na nyumba ya mtu, huweza kumtaabisha kadiri ile ile kama baa ya mjini.

Swali ambalo makala haya yanalitafutia jibu ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: ni wakati gani maudhi ya jirani huacha kuwa jambo la kuvumiliana, yakawa jambo ambalo hakimu huliandikia amri likomeshwe?

Njia mbili za sheria

Sheria ya Tanzania inalitazama jambo hili kwa macho mawili. Jicho la kwanza ni la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 170, humtia hatiani mtu afanyaye jambo lisiloruhusiwa na sheria, au aachaye wajibu wake wa kisheria, akasababisha madhara, hatari au maudhi kwa umma, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1. Kifungu cha 185 humkamata achafuaye hewa hata ikawadhuru wakazi na wapita njia, na kifungu cha 186, ambacho ndicho kimkaribiacho zaidi mwenye baa na mwenye karakana, humtaja kwa dhahiri mtu ambaye kwa ajili ya biashara yake hupiga makelele au hutoa harufu mbaya mahali na katika hali ya kuwaudhi watu wengi.

Kifungu cha 170 kina neno ambalo wafanyabiashara wengi wangelisoma kwa mshangao. Kinasema kwamba si hoja kuwa jambo linalolalamikiwa linawafaa watu wengi zaidi kuliko wale linaowaudhi. Baa iliyojaa wateja 200 wenye furaha haipati kinga kwa wingi wao, ikiwa majirani waliokosa usingizi ni 20. Lakini sheria hiyo hiyo, kwa insafu, huongeza kwamba ikiwa jambo hilo linaisaidia sehemu ya umma kuitumia haki yake halali, huenda hiyo ikawa dalili kwamba si kero hata kidogo.

Jicho la pili ni la madai, na ndilo litoalo amri ya zuio. Hapa chanzo chake si kifungu kilichoandikwa, bali ni kanuni za mahakama za Uingereza zilizopokewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na ambazo mahakama zetu huzitumia hata leo kwa kadiri hali ya nchi inavyoruhusu. Kwa kanuni hizo, kila mwenye nyumba ana haki ya kuitumia na kuifurahia nyumba yake, na jirani yake ana haki ile ile. Kero ni pale ambapo matumizi ya mmoja yanapita mpaka wa akili na kuingia katika raha ya mwingine.

> Baa iliyojaa wateja 200 wenye furaha haipati kinga kwa wingi wao, ikiwa majirani waliokosa usingizi ni 20.

Tofauti ya macho hayo mawili ina matokeo. Maudhi yakiwa ya mtaa mzima, mwenye mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au watu wawili au zaidi waliopata idhini yake kwa maandishi. Lakini mtu mmoja ambaye nyumba yake imeguswa kwa namna ya pekee hahitaji idhini ya yeyote. Huingia mahakamani kwa jina lake.

Mpishi wa peremende na daktari

Hoja ambayo mwenye baa huitanguliza karibu kila mara ni ya kutangulia: mimi nilikuwapo hapa kabla yako, ukaja ukajenga ukiniona. Masikioni mwa watu hoja hii ina nguvu. Mahakama, hata hivyo, iliijibu zamani sana, katika shauri la Sturges dhidi ya Bridgman lililoamuliwa Uingereza mwaka 1879.

Mdaiwa alikuwa mtengeneza peremende wa London, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akitwanga viungo vyake katika vinu viwili vikubwa jikoni mwake, na hakuna aliyelalamika. Jirani yake alikuwa tabibu. Siku moja tabibu huyo akajenga chumba cha kuwaonea wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, kikagusana na ukuta wa jiko lile, na mara akagundua kwamba kwa ngurumo ya vinu hawezi kukisikiliza kifua cha mgonjwa. Mtengeneza peremende akasema kwamba miaka 20 imempa haki. Mahakama ikasema la. Maadamu makelele hayakuwa yakimdhuru mtu kabla chumba hakijajengwa, hapakuwa na jambo la kulalamikia, na muda wa kujipatia haki haukuwa umeanza kuhesabiwa. Zuio likatolewa.

Lakini shauri hilo hilo lina upande wa pili ambao walalamikaji hupenda kuusahau. Majaji walisema kwamba jambo lililo kero katika mtaa wa utulivu wa matajiri si lazima liwe kero katika mtaa wa watengeneza ngozi. Kwa lugha ya Mara: aliyejenga nyumba yake ubavuni mwa stendi ya Bunda, penye mabasi, mama lishe na gereji, asitarajie kimya cha Butiama kijijini, na aliyejenga katika eneo lililopimwa na kugawiwa kwa makazi hatakiwi kuvumilia kiwanda kwa sababu tu jirani amekwisha kukifungua. Kwa hiyo mtu mwenye hekima, kabla hajaandika madai, huenda kwanza ofisi ya mipango miji akaulize kiwanja chake na cha jirani viliandikwa kwa matumizi gani. Jibu hilo mara nyingi huamua nusu ya shauri.

Mtaa, hata hivyo, hautazamwi pale ambapo mali imeharibika. Masizi yakitoboa nguo zilizoanikwa au rangi ya kompresa ikitua juu ya gari la jirani, mdaiwa hawezi kujitetea kwa kusema huu ni mtaa wa viwanda. Katika shauri la kampuni ya mafuta ya Esso lililosikizwa London mwaka 1961, mdai alikuwa mkazi mmoja wa Fulham ambaye nguo zake zilizoanikwa ziliharibika, gari lake likaharibika rangi, na usiku wake ukakatwa vipande kwa ngurumo ya matangi ya joto na malori. Alishinda, na juu ya harufu mahakama ikasema kwamba si lazima kuthibitisha kuwa imemtia mtu ugonjwa. Yatosha kuwa ni ya kuchukiza kupita kiasi.

Mizani ya mahakama, basi, ni ya mtu wa kawaida. Hakimu hamtazami mlalamikaji mwenye masikio mepesi kuliko wenzake, wala mwenye kazi nyororo isiyostahimili vumbi kidogo. Hutazama ni mara ngapi, kwa muda gani, saa ngapi, kwa ukali gani, na kwa nia gani. Harusi moja ya mwaka si kero. Spika za kila Ijumaa na Jumamosi hadi saa 10 alfajiri zina sura nyingine kabisa. Na mwenye karakana agongaye bati makusudi kwa sababu jirani alimshtaki kwa mtendaji, huyo amejifungia mlango wa utetezi kwa mkono wake.

Kwa nini ukuta hauzuii besi

Yafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu ugomvi mwingi baina ya baa na majirani huzaliwa na kutojua jambo moja la maumbile. Mwenye baa husimama ndani ya ua wake, husikia waimbaji na magitaa, hupunguza sauti hiyo kidogo, na kwa moyo safi hudhani kuwa amewatendea majirani wema. Kumbe kilichowasumbua si hicho.

Sauti nyembamba huwa na mawimbi mafupi, ya sentimita chache, na ukuta wa tofali huyarudisha kwa urahisi. Besi nzito huwa na wimbi la urefu wa kama mita 7. Wimbi hilo huzunguka pembe za ukuta, hupita juu yake, na kuta nyepesi, bati na vioo huitikia kwa kutetema pamoja nalo. Ndiyo sababu mwenye nyumba hasikii maneno ya wimbo bali husikia mdundo. Kwenda mbali husaidia, lakini kwa pole: mahali pa wazi, kila umbali ukizidishwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6 tu, na sikio la mtu huhitaji upungufu wa kama desibeli 10 ndipo lione kuwa sauti imerudi nusu.

Kwa hiyo mafundi wa muziki wenye uzoefu hawaanzi kwa kujenga ukuta. Hupunguza kwanza besi yenyewe, huzigeuza spika zielekee ndani, huweka spika nyingi ndogo karibu na meza badala ya mbili kubwa zinazopiga mbali, na hufunga kidhibiti kisichoruhusu sauti kupanda juu ya alama iliyowekwa, hata mpiga muziki akilewa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya wakili.

> Mwenye nyumba hasikii maneno ya wimbo, husikia mdundo.

Vipimo hivi vina nafasi katika sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na katika kifungu cha 5 imemruhusu aende mahakamani haki hiyo ikitishwa. Chini yake zipo kanuni za mwaka 2015 juu ya udhibiti wa kelele na mitetemo, ambazo hutenga makazi na maeneo ya mchanganyiko, na mchana na usiku, na kuzisimamia kulikabidhiwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Ng'ambo ya Sirari, kanuni za Kenya za mwaka 2009 zimeweka nje ya nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao huanza saa 2. Desibeli 35 ni utulivu wa kweli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huipita kwa mbali.

Simu ya mkononi yenye programu ya kupimia sauti hukufaa kwa kujijulisha, lakini usiitegemee mahakamani. Haikulinganishwa na kipimo cha rejea, na kipaza sauti chake huwa dhaifu hasa kwenye besi, mahali pale penye ugomvi. Kipimo chenye uzito ni cha ofisa mwenye mamlaka, kwa chombo kilichohakikiwa, kilichosomwa kwenye dirisha la mlalamikaji, saa ile ile ya adha. Tabu yake ni kwamba maofisa hufanya kazi mchana na baa hufanya kazi usiku. Kwa hiyo barua ya kuomba kipimo itaje wazi siku na saa ambazo makelele huwapo.

Njia ya mkazi wa Bunda

Tumtwae mwenye nyumba wa Bunda, tumchore kwa mfano, ambaye jirani yake amefungua karakana ya kuchomelea mita chache kutoka chumba cha watoto. Kazi huanza saa 11 alfajiri, huishia saa 4 usiku, na mara mbili kwa wiki hupulizwa rangi.

Hatua yake ya kwanza ni daftari. Kila siku aandike tarehe, saa ya kuanza na ya kwisha, aina ya adha, na ilivyomgusa: mtoto aliyeamka, dirisha lililofungwa, mgonjwa wa pumu aliyepelekwa zahanati. Wiki 4 za daftari kama hilo huzidi thamani ya mashahidi 10 watakaosema kwa jumla kwamba makelele yalikuwa mengi mno, kwa sababu wakili wa upande wa pili atauliza siku gani na saa ngapi, na shahidi asiye na jibu huanguka.

Hatua ya pili ni kuzungumza na jirani, kisha kwa Mwenyekiti wa Mtaa, na makubaliano yakipatikana yaandikwe na kutiwa saini. Jambo hili halitakiwi na sheria kama sharti, lakini hakimu hupenda kuona kwamba mdai hakukimbilia mahakamani kwa ghadhabu, na mdaiwa aliyesaini kuacha kazi saa 12 jioni kisha akaendelea hadi saa 4 usiku amejitengenezea ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Hatua ya tatu ni Afisa Afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa uwezo wa kukagua na kutoa ilani ya kuondoa kero ndani ya muda uliotajwa. Nakala ya ilani hiyo, na ripoti ya ukaguzi, viombwe kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wengi huishia kusema walikwenda ofisini wakaambiwa warudi kesho. Barua yenye muhuri huondoa ubishi huo.

Yote hayo yasipofaa, ndipo hati ya madai hufunguliwa mahakamani, na pamoja nayo ombi la zuio la muda linaloungwa mkono na hati ya kiapo. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imeielekeza mahakama kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili, mwenye madai asiye na wakili hana tena sababu ya kuogopa lugha.

Zuio la muda lina masharti matatu yaliyowekwa na Jaji Mkuu Georges katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe mwaka 1969, na tangu hapo ni nadra ombi la namna hii kusikizwa bila shauri hilo kutajwa. Kwanza, pawe na suala zito la kuamuliwa na uwezekano wa mdai kushinda. Pili, pawe na madhara ambayo fedha haiwezi kuyarudisha iwapo mahakama haitaingilia kati mapema. Tatu, mizani ya usumbufu imwelemee mdai zaidi ya mdaiwa. Sharti la pili ndilo huwaangusha wengi. Mlalamikaji akiandika katika kiapo chake kwamba amepata hasara ya shilingi milioni 3 na kwamba atatosheka akilipwa, amekwisha kulijibu ombi lake mwenyewe: fedha inatosha, zuio la nini? Usingizi wa watoto, pumu ya mzazi, na harufu ya kila siku katika chumba cha kulia havina bei ya namna hiyo, na ndivyo vinavyostahili kuandikwa.

Upande wa mwenye kazi

Si haki kumchora mwenye karakana kama adui. Amelipa kodi, amechukua leseni ya biashara kutoka halmashauri, ana vijana wanne watano wanaokula kwa jasho la hapo, na mlango wa chuma wa nyumba ya mlalamikaji huenda ulichomelewa na mikono hiyo hiyo. Wenye baa nao huuliza, kwa haki, kwa nini halmashauri ilipokea fedha ya leseni ya vileo ikijua mahali ilipo baa, kisha leo majirani wawaone wao ndio wakosaji.

Jibu la sheria ni gumu kidogo kwao. Leseni huruhusu biashara. Haimruhusu mtu kumfanyia jirani kero. Mwenye leseni ya kuuza bia hakupewa leseni ya besi. Lakini malalamiko yao juu ya halmashauri yana ukweli, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndipo penye kiini cha tatizo: ofisi igawayo leseni na ofisi ya mipango miji mara nyingi ziko katika jengo moja na hazisomeani mafaili.

Tabata: amri isiyotiiwa

Shauri linalofundisha zaidi kuliko yote hapa nchini halikuhusu baa wala gereji, bali jalala, na mdaiwa wake hakuwa mtu mnyonge. Katika shauri la madai namba 299 la mwaka 1988, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu kwa sababu taka za jiji zima zilimwagwa na kuchomwa karibu na nyumba zao. Walilalamikia moshi, harufu na inzi, maudhi yale yale ya jirani yetu wa Nyasho, ila kwa ukubwa wa kutisha. Mahakama iliwapa haki mwaka ule ule wa 1988, ikaliamuru Jiji liache kulitumia eneo hilo.

Jiji halikuacha. Likarudi mahakamani kuomba muda, na muda ulipokwisha likaomba mwingine, kwa hoja kwamba halijapata mahali pengine pa kutupa taka. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo likafika mbele ya Jaji Lugakingira, naye akalikataa. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kwa ujasiri kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaliunganisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Tangu hapo, hoja ya moshi na uvundo katika nchi hii haikuwa tena ya raha ya nyumba peke yake.

> Jaji alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira.

Yaliyofuata ni funzo la aina nyingine. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, eneo ambalo ramani ya jiji ililitenga kwa makazi, na wakazi wake, wakiwa karibu 800, wakafungua shauri lao mwaka huo huo wa 1991. Jaji Rubama akauona uamuzi wa Jiji kuwa nje ya mamlaka yake, akaubatilisha, akalikataza kuendelea, na akaliamuru litafute mahali pafaapo. Zuio la kwanza lilikuwa limeondoa uvundo Tabata bila kuuondoa jijini.

Mwananchi wa Musoma au Bunda ambaye adha yake hutoka katika soko, machinjio au dampo la halmashauri ajue kwamba njia yake leo ni ndefu kuliko ya mwenye jirani binafsi. Hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri na kulifungua Mahakama Kuu. Wakazi wa Mara hawalazimiki tena kwenda Mwanza kwa ajili hiyo, maana Mahakama Kuu ina masjala yake Musoma.

Amri yenyewe huwa na sura gani

Wengi hudhani kushinda ni kumfunga jirani biashara. Ni mara chache. Mahakama hupendelea amri inayokata maudhi na kuiacha kazi, kama ilivyofanya katika shauri la Esso, ambapo zuio la makelele ya usiku lilishika baina ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa karakana ya Bunda, amri inayotekelezeka ingetaja saa za kutumia grinda, ingekataza kupuliza rangi nje ya chumba kilichofungwa, na ingetaja siku ya mapumziko. Kwa baa ya Nyasho ingetaja saa ya kuzima spika za nje na mahali pa jiko. Amri isemayo tu kwamba mdaiwa aache kuwasumbua majirani huonekana nzuri karatasini, lakini siku ya kuitekeleza hakuna ajuaye imevunjwa au la. Kwa hiyo mdai asiombe kwa jumla. Aombe kwa saa, kwa chombo na kwa mahali.

Atakayekaidi zuio huweza kukamatiwa mali yake, na kuwekwa katika kifungo cha madai kwa muda usiozidi miezi 6. Lakini aliyelipata naye asilale. Zuio la muda, kwa Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, haliwi zaidi ya miezi 6, na halirefushwi na mahakama isipokuwa kwa ombi, na hata likirefushwa lina kikomo chake. Ombi la kulirefusha lipelekwe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye amri, kwa sababu baada ya tarehe hiyo spika zikifunguliwa tena, mwenye baa hajavunja amri yoyote.